Bei mbili ndani ya seli moja: kusafisha jedwali la bidhaa kabla ya kulipeleka kwenye tovuti

Duka la spea pale Kirinyaga Road lilinipa jedwali la Excel lenye mistari mia nane na ushee, likitaka bidhaa zote ziingie kwenye tovuti mpya ya WooCommerce, programu ya duka la mtandaoni inayofanya kazi ndani ya WordPress. Kuingiza faili ni kazi ya dakika chache. Kazi hasa ni kuhakikisha kila mstari unasema bidhaa moja tu, na kwa bei moja. Mstari huu ulikuwa mfano mzuri:

```
PADI BREKI  probox | 3,500/2,800 | IMG-WA0007
```

Nilimuuliza mwenye duka ule mkwaju kati ya bei mbili unamaanisha nini. Akasema, "Ya kwanza ni za mbele, ya pili ni za nyuma. Wateja wetu wanajua." Dukani muuzaji huuliza, tovuti haiulizi. Kwa hiyo huo si mstari mmoja wenye bei mbili, ni bidhaa mbili zilizobanana, na kila moja inahitaji jina lake, bei yake na picha yake.

Ndiyo maana naanza na safu ya SKU, yaani namba ya bidhaa ya duka, kabla ya kugusa chochote kingine. Pedi za mbele zikawa BRK-0041, za nyuma BRK-0042. Anza namba kwa herufi, kwa sababu Excel ikiona 0041 pekee hufuta sufuri za mbele. Epuka pia herufi zinazofanana na vifupisho vya miezi kwa Kiingereza: ukiandika MAR-04 utakuta imegeuka kuwa tarehe. Zinazojirudia huzitafuta hivi:

```
=COUNTIF(A:A,A2)>1
```

Majina hayakunichukua muda. Nilichagua mpangilio mmoja, kitu kwanza kisha gari: "Pedi za breki za mbele, Toyota Probox". Nafasi za ziada huondolewa na fomula hii, pamoja na ile nafasi isiyoonekana inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka mtandaoni, ambayo TRIM peke yake haiigusi:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))
```

Bei ndizo zinazostahili subira. Seli yenye "KSh 1,250/=" macho yako yanaisoma kama bei, lakini kwa Excel ni maandishi. Kujua ziko ngapi za namna hiyo, hesabu seli zilizojazwa kisha utoe zile zenye namba halisi:

```
=COUNTA(C2:C900)-COUNT(C2:C900)
```

Jibu likiwa sufuri, endelea. Lisipokuwa sufuri, chuja safu hiyo uzisome moja moja. Usikimbilie kufuta alama zote kwa mkupuo: ukiondoa mkwaju na koma kwenye "3,500/2,800" unapata 35002800, nayo ni namba halali kabisa kwa kompyuta. Hapo kosa limejificha na kipimo chako hakitaliona tena. Nakili kwanza safu ya zamani, uiache kando mpaka mwisho.

Baadhi ya mistari iliandikwa "+VAT". Kwa asilimia 16, 2,500 inakuwa 2,900. Nilizigeuza zote ziwe na VAT ndani, kisha nikaweka mpangilio wa kodi wa tovuti ulingane, la sivyo mteja angetozwa mara mbili.

Picha zilitoka WhatsApp na kwenye simu. Kila moja niliipa jina la SKU yake, brk-0041.jpg, nikaipunguza hadi pikseli 1,200 kwa upana, nikazipakia kwenye maktaba ya picha ya WordPress, na kwenye safu ya Images nikaandika jina la faili tu. Kupunguza kunatangulia kupakia kwa sababu picha inayozidi pikseli 2,560 WordPress huipunguza yenyewe na kuibadilisha jina kuwa brk-0041-scaled.jpg, halafu mstari wako hauipati. Viungo vya Google Drive usivitumie: hufungua ukurasa wenye picha, si faili ya picha yenyewe.

Hifadhi kama CSV UTF-8. Ukitaka kuikagua baadaye, ifungue kwa programu ya maandishi, maana Excel ikiifungua tena inaweza kubadilisha namba upya.

Jaribu kwanza mistari kumi, na uchague ile migumu zaidi. Ukirudia baada ya marekebisho, weka tiki kwenye "Update existing products". Bila tiki hiyo, SKU zilizokwisha kuingia zinarukwa. Ukiiweka, zinazorukwa ni bidhaa mpya, kwa hiyo mabadiliko na nyongeza ziwe faili mbili tofauti.

Zikishaingia zote, nenda kwenye orodha ya bidhaa ubofye kichwa cha safu ya bei ili zipangwe kuanzia ya chini, kisha ubofye tena zianze na ya juu. Bei iliyoharibika huja juu kabisa upande mmoja au mwingine. Pale Kirinyaga Road ilikuwa boliti ya shilingi 80 iliyoonekana kuuzwa 8,000, kwa sababu mtu aliandika "80.00" na nukta ikapotea njiani.