Kompyuta ya 1,200,000: Ukikopa Inakugharimu Ngapi, Ukidunduliza Ngapi

Malalamiko kuhusu mikopo ya kompyuta mpakato yanayofika dawatini kwetu hapa Tanga yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mkopaji anakaribia kumaliza marejesho, anapiga hesabu, anakuta alicholipa hakifanani na ile "asilimia tatu" aliyoambiwa. Mara nyingi mkopeshaji hakuvunja mkataba wowote. Hesabu ndiyo iliyochelewa kupigwa.

Tuipige hapa. Viwango vyote ni vya mfano. Mkataba wako ndio wenye kauli.

Mkazi wa Ngamiani mwenye steshenari ndogo anataka kompyuta ya shilingi 1,200,000, na bei hiyo imetulia. Anapata mkopo wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali. Riba ni 36,000 kila mwezi, na kwa mwaka inafika 432,000. Rejesho la mwezi ni 136,000. Fomu ni 10,000, ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 2, yaani 24,000, na bima ni asilimia 1, yaani 12,000. Ada na bima hukatwa kabla ya fedha kutoka, kwa hiyo anapokea 1,164,000 na dukani anaongeza 36,000 zake. Ukijumlisha yote, kompyuta ile imemtoka 1,678,000. Ziada ni 478,000.

Sasa aseme hakopi, anaweka kando 136,000 ileile kila mwezi. Mwezi wa tisa ana 1,224,000. Ananunua kompyuta taslimu na kubakiwa na 24,000. Akiendelea kuweka hadi mwezi wa kumi na mbili ana 432,000 mkononi, mbali na zile 46,000 za fomu, ada na bima ambazo hakuzitoa. Kwa kuwa bei haikupanda, kusubiri hakukumgharimu shilingi upande wa dukani. Wanaosema "ukichelewa bei itakuruka" wajue kwamba katika mfano huu ingebidi kompyuta ivuke 1,678,000 ndani ya miezi tisa ndipo aliyekopa awe amelipa kidogo.

Kwa hiyo 478,000 imenunua kitu kimoja tu: kuwa na kompyuta miezi tisa mapema. Igawe kwa tisa, unapata kama 53,000 kwa mwezi. Mwenye steshenari ajiulize kama mashine itamwingizia zaidi ya hapo baada ya kutoa umeme, karatasi na wino. Ikimbakizia 3,000 kwa siku, siku 26 za kazi ni 78,000, mkopo unajilipia. Mtu anayeitaka kwa matumizi ya nyumbani tu hana fedha hiyo inayoingia, ziada yote inatoka kwenye mshahara wake. Kudunduliza nako kuna sharti lake: fedha isikae kwenye simu ileile unayonunulia vocha na kulipia luku, maana mwezi wa tisa hutaikuta.

Kuna jambo tumelieleza mara nyingi na bado watu wanalipuuza. Asilimia 3 ya mkopo wa awali si sawa na asilimia 3 ya salio linalopungua. Kwa njia ya pili, riba ya mkopo huohuo ingekuwa karibu 247,000, si 432,000, kwa sababu kila unaporejesha, deni linalotozwa riba linashuka. Kwa njia ya kwanza, mwezi wa kumi na mbili bado unatozwa riba juu ya milioni moja na laki mbili ambazo umeshazirudisha karibu zote. Kuuliza "riba asilimia ngapi" hakutoshi. Omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa, ujumlishe safu ya mwisho mwenyewe, kisha uongeze kila kilichokatwa mwanzoni.

Kuhusu adhabu, soma kifungu chake kabla ya kusaini. Mkataba ukisema asilimia 1 ya rejesho kwa kila siku ya kuchelewa, hiyo ni 1,360 kwa siku, na siku 20 ni 27,200. Angalia pia kama ukilipa mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Mikataba mingine haiifuti, na hapo kuharakisha kulipa hakukupunguzii kitu.

Wakopeshaji wanasimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hivyo omba kuonyeshwa leseni. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, nakala hiyo, mkataba, ratiba na stakabadhi za malipo ndizo utakazoambatisha unapolifikisha Benki Kuu. Wengi hutufikia na ujumbe wa simu peke yake, na kwa huo hatuwezi hata kujua riba ilikokotolewa kwa njia gani.