Je, wajua kwa nini ukiweka cha juu cha asilimia 20 hupati faida ya asilimia 20?

"Mzigo nanunua 100, naongeza asilimia 20 nauza 120, na sijawahi kushusha bei. Mbona mwisho wa mwezi mahesabu yanasema faida ghafi ni asilimia 16.7? Hizo nyingine zinaenda wapi?"

Haziendi popote, kwa sababu hazikuwahi kuwepo. Hela unayopata kwa kila kimoja ni 20 na iko palepale, hakuna aliyeigusa. Kinachobadilika ni unaipima kwa kutumia nini. Wewe unaposema asilimia 20 unaichukua ile 20 unaigawanya kwa 100, yaani bei uliyonunulia, hicho ndo cha juu. Mhasibu anaichukua 20 hiyohiyo anaigawanya kwa 120, yaani bei uliyouzia, hiyo ndo asilimia ya faida ghafi. 20 kwa 120 ni moja ya sita, na moja ya sita ni 16.67. Wote wawili mko sahihi ila kila mtu kashika kipimo chake.

Sasa unaweza kusema haya ni mambo ya maneno tu, hela si ileile? Ni ileile, ila ukichanganya hivi vipimo viwili kwenye hesabu moja unaweza kumwita mtu mwizi na hajaiba kitu. Hili nimeliona kwa macho yangu nikisaidia kufunga mahesabu ya mwezi, na ndo sababu naliandika.

Mwenye biashara alimwachia muuzaji wake maelekezo mepesi, kila mzigo ukiingia weka asilimia 20 juu ya bei ya kununulia. Mwezi ukaisha, mauzo yakawa 1,200,000. Mwenye biashara akachukua kikokotoo akapiga asilimia 20 ya hayo mauzo akapata 240,000, akasema hiyo ndo faida yangu, nataka kuiona. Tukaenda kwenye daftari. Mwezi ulianza na mzigo wa 400,000, ukanunuliwa mwingine wa 900,000, na tulipohesabu uliobaki tukapata wa 300,000, zote hizo kwa bei ya kununulia. Kwa hiyo mzigo uliotoka ni 400,000 jumlisha 900,000 toa 300,000, ni 1,000,000. Mauzo 1,200,000 toa 1,000,000, faida ghafi ni 200,000. Imepungua 40,000. Na muuzaji yuko pale amesimama, mwenye biashara keshaanza kusema hizo 40,000 zitakatwa kwenye mshahara.

Kilichomwokoa yule kijana ni kuigeuza hesabu. Badala ya kuanza na mauzo tukaanza na mzigo uliotoka, maana maelekezo yenyewe yalikuwa juu ya bei ya kununulia. Mzigo wa 1,000,000 ukiwekewa asilimia 20 unatakiwa ulete 1,200,000, na zimeletwa 1,200,000 kamili. Hakuna hata mia iliyopotea. Alifanya alichoambiwa, tatizo lilikuwa kwenye kikokotoo cha bosi, alitoa agizo kwa kipimo kimoja halafu akaja kukagua kwa kipimo kingine.

Na hii ndo njia nzuri ya kujua kama kweli kuna shida ama ni vipimo vimegongana. Chukua gharama ya mzigo uliotoka, zidisha mara 1.20, linganisha na mauzo. Zikikutana, watu wako wako safi. Kama mauzo yangekuwa 1,150,000 kwa mzigo uleule, hapo kuna 50,000 ya kuulizia kweli, labda kuna punguzo watu walipewa halikuandikwa, labda kuna vitu vimevunjika au vimechukuliwa, na faida ghafi ingeonekana asilimia 13 hivi. Kwa hiyo ukiona namba imesimama kwenye 16.7 kabisa na unajua cha juu chako ni 20, usitafute mwizi. Ikishuka chini ya hapo ndo uanze kutafuta. Ila kabla ya yote hakikisha mzigo uliobaki umehesabiwa kwa bei ya kununulia, kuna watu wanauhesabu kwa bei ya kuuzia kwa sababu ndo iliyobandikwa, na hapo ule wa 300,000 unasomeka 360,000, gharama inaonekana 940,000 na faida inaruka mpaka karibu asilimia 22, hela ambayo haipo.

Watu wengine wanauliza, kwa nini basi mhasibu asitumie tu kipimo changu? Sababu ni kwamba vitu vingi vinavyokula hela ya biashara vinapimwa kwa mauzo. Kamisheni ya muuzaji ni asilimia ya mauzo, makato ya malipo ya kadi ni asilimia ya mauzo, na mauzo ndo namba unayoiona kila siku jioni. Ukijua faida ghafi ni 16.7 kwa kila 100 ya mauzo na matumizi ya kuendesha yanakula 18 kwa kila 100, unajua papo hapo unapata hasara. Ukiwa umeshika ile 20 yako utaona bado una 2 mkononi, utaendelea hivyo miezi na miezi huku mtaji unaisha taratibu na huelewi unaishia wapi.

Lakini pale panapouma zaidi kwa maoni yangu ni kwenye punguzo. Mteja anakuja anakwambia nipunguzie asilimia 20, wewe unajisemea niliongeza 20, nikitoa 20 narudisha hela yangu, sipati ila sipotezi. Sio kweli. Punguzo linakatwa kwenye bei ya kuuzia. Asilimia 20 ya 120 ni 24, kwa hiyo umeuza 96 kitu ulichonunua 100, umetoa 4 mfukoni mwako. Punguzo la mwisho unaloweza kutoa bila kuingia hasara ni asilimia 16.67, yaani ileile asilimia ya faida ghafi, na hii si bahati, faida ghafi ndo kile kipande cha bei ya kuuzia ambacho ni chako, ukishakimaliza chote unaanza kukata mtaji.

Hata punguzo dogo linakula kuliko unavyodhani. Toa asilimia 10 tu, bei inakuwa 108, faida imebaki 8 kutoka 20. Mteja kasikia kumi, wewe umepoteza asilimia 60 ya faida yako kwenye kitu hicho. Ukitaka kupata hela ileile uliyokuwa unapata kwa kuuza vitu 100, sasa inabidi uuze vitu 250. Kwa hiyo kabla hujatangaza ofa jiulize kama kweli watakuja wateja mara mbili na nusu, na kama mtaji wa kununua mzigo wote huo unao.

Sasa tuseme unataka faida ghafi iwe 20 kweli. Watu wengi wanaona pengo ni 3.3 wanaiongeza juu, wanaweka cha juu cha 23.3, wanauza 123.3, wakipima wanapata 18.9, bado haijafika, kwa sababu kila unapopandisha bei na kile unachogawanyia kinapanda nacho. Njia sahihi ni kuanza mwishoni. Ukitaka 20 katika kila 100 ya mauzo iwe yako, maana yake zile 80 zinazobaki ni gharama ya mzigo. Basi gawanya gharama kwa 0.80. 100 gawanya kwa 0.80 ni 125. Angalia, faida 25, na 25 kwa 125 ni moja ya tano, asilimia 20 kamili. Ukiipima kwa bei ya kununulia ni cha juu cha asilimia 25.

Kama bei unapanga kwenye kompyuta, na gharama iko kwenye kisanduku A2, tofauti yote ni mistari hii miwili. Wa kwanza unaweka cha juu cha 20, wa pili unakupa faida ghafi ya 20:

```
=A2*1.20
=A2/(1-0.20)
```

Kwa wasiopenda kompyuta kuna njia ya sehemu ambayo mimi naitumia kichwani kila siku. Kama cha juu ni moja ya tano, faida ghafi ni moja ya sita. Cha juu moja ya nne, faida ghafi moja ya tano. Cha juu nusu, faida ghafi theluthi. Ukiuza mara mbili ya ulivyonunua, faida ghafi ni nusu. Yaani namba ya juu ya sehemu ikiwa moja, ile ya chini unaiongeza moja tu, kwa sababu ile gharama nzima uliyokuwa unalinganisha nayo sasa imejumlishwa na faida yenyewe. Na hapo unaona pengo linavyokua, cha juu cha 5 ni faida ghafi ya 4.8, tofauti hata huioni, ila cha juu cha 100 ni faida ghafi ya 50 na cha juu cha 300 ni 75. Cha juu kinaweza kwenda popote, faida ghafi haifiki 100 mpaka siku mzigo uupate bure.

Kitu kimoja cha kuangalia, kama bei yako ina kodi ya mauzo ndani yake itoe kwanza ndo upime, hiyo kodi si hela yako, na gharama ya mzigo iwe na usafiri wa kuufikisha, sio ile ya kwenye risiti peke yake.

Yule mwenye biashara alibadilisha bei, kutoka 120 kwenda 125. Nikamwambia mapema, mwezi wa kwanza usitegemee 20, kuna mzigo wa zamani bado una bei ya zamani. Tuseme mzigo wa 500,000 utoke kwa bei ya zamani ulete 600,000, na wa 500,000 utoke kwa bei mpya ulete 625,000, jumla ni 1,225,000, faida 225,000, ni asilimia 18.4. Akaiandika hiyo 18.4 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na safari hii akamwita muuzaji akamwonyesha ilivyopatikana kabla mwezi haujaanza.