Kumbukumbu ya Ukaguzi: Kujua Nani Alibadilisha Nini, na Lini Kifutwe Kweli

Tuchukue duka la jumla la vitenge Kariakoo, lenye makarani watatu wanaotumia mfumo mmoja wa kompyuta kuandika madeni ya wateja. Jumatatu mteja anadaiwa shilingi 450,000; Ijumaa mfumo unaonyesha 45,000, na kila karani anasema hakugusa. Kumbukumbu ya ukaguzi ni jedwali la pembeni linaloandika kila badiliko katika mstari wake: ni nani aliyebadilisha, saa ngapi, rekodi ipi, thamani ya zamani ilikuwa ipi na mpya ni ipi. Wengi hudhani kwamba safu ya `updated_by` ndani ya jedwali la madeni inatosha, lakini safu hiyo humtaja mtu wa mwisho tu, kwa hiyo karani wa pili akisahihisha namba ya simu ya mteja yuleyule, jina la aliyepunguza deni limeshafutika.

Kazi ya kuandika mistari hiyo hupewa kichochezi, yaani kipande cha programu kinachokaa ndani ya kanzidata na kuamka chenyewe kila rekodi inapobadilishwa. Tatizo ni kwamba mfumo wa duka huingia kwenye kanzidata kwa akaunti moja kwa niaba ya makarani wote, na kichochezi kinaiona akaunti hiyo tu. Katika PostgreSQL, mfumo unapaswa kutaja namba ya karani mwanzoni mwa kila muamala, nacho kichochezi kiisome:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL app.karani = '2';
UPDATE madeni SET kiasi = 45000 WHERE id = 318;
COMMIT;
```

Neno `LOCAL` ndilo la kuangaliwa, kwa sababu linafanya namba hiyo isahaulike muamala unapokwisha. Likiachwa, namba hubaki kwenye muunganisho ambao baadaye utatumiwa na karani mwingine, na kumbukumbu itamsingizia mtu ambaye pengine siku hiyo hakuwepo kazini. Dalili yake ni mabadiliko yenye jina la mtu aliye likizo. Akaunti ya mfumo iruhusiwe kuongeza mistari katika jedwali la ukaguzi, isiruhusiwe kuibadilisha wala kuifuta. (Saa nazo hupotosha: zikihifadhiwa kwa UTC, kama ilivyo kawaida, 11:10 ya kwenye kumbukumbu ni saa 8:10 mchana hapa Dar es Salaam.)

Kufuta kwa alama ni jambo jingine, ingawa huchanganywa na hilo la kwanza. Mteja akiondolewa, mstari wake hauondoki. Hujazwa tarehe katika safu kama `deleted_at`, na mfumo huacha kumwonyesha. Faida ni kwamba ankara zake za zamani hazibaki bila mwenyewe, na aliyefutwa kwa makosa hurudishwa mara moja. Hasara hujitokeza mteja huyo anaporudi baada ya miezi sita: mfumo unakataa kumsajili kwa kuwa namba yake ya simu tayari ipo, na karani akimtafuta hamwoni. Sharti la kutorudia namba liwahusu wasiofutwa peke yao:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX wateja_simu
ON wateja (simu) WHERE deleted_at IS NULL;
```

Hata hivyo, kilichofutwa kwa alama bado kipo, na hapo ndipo kanuni za muda wa kuhifadhi zinapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka nyaraka za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa upande wake haitaki taarifa za mtu zikae kupita haja iliyofanya zikusanywe. Kwa maoni yangu, duka lisiweke muda mmoja kwa kila kitu: ankara ihesabiwe kwa muda wa kodi, lakini picha ya kitambulisho cha mteja aliyemaliza deni na kuaga haina sababu ya kusubiri miaka hiyo yote. Mgogoro ukiwepo, ufutaji wa rekodi zinazohusika usimame mpaka uishe.

Siku ya kufuta kweli ikifika, wengi husafisha jedwali la wateja na kusahau kwamba jedwali la ukaguzi limebeba simu na anwani ileile katika safu ya thamani za zamani. Thamani hizo nazo hufutwa, na mstari ukabaki na namba ya rekodi, karani na saa. Kazi hii hufanywa na akaunti tofauti na ile ya mfumo, nayo iachwe na kumbukumbu yake. Zibaki pia namba za rekodi zote zilizofutwa, zikitunzwa nje ya kanzidata hiyo, kwa sababu mashine ikiharibika na nakala rudufu ya mwezi uliopita ikarejeshwa, wateja wote waliofutwa tangu wakati huo watarudi pamoja nayo, na orodha hiyo ndiyo itakayotumika kuwaondoa tena kabla makarani hawajafungua mfumo.