Muda wa jibu la kwanza: saa inaanza kuhesabu wapi?

Muda wa jibu la kwanza ni kipindi kinachopita tangu mteja aweke lalamiko lake mtandaoni hadi mtu wa kampuni amjibu. Maana yake haina utata. Utata unaanza pale kompyuta inapopewa kazi ya kuhesabu, kwa sababu mfumo wa huduma kwa wateja hauhesabu posti, unahesabu tiketi. Kati ya posti na tiketi kuna njia ndefu kidogo.

Njia yenyewe iko hivi. Kampuni inaunganisha akaunti zake za X, WhatsApp na Instagram na mfumo mmoja. Kila mteja anapoitagi kampuni au kuiandikia inboksi, mfumo unachukua ujumbe huo na kuufungulia tiketi yenye namba, jina la akaunti, maneno aliyoandika na saa. Kisha kanuni za kupanga zinaangalia maneno hayo: yakihusu pesa, tiketi inakwenda kwa dawati la malipo; yakihusu mtandao kukatika, inakwenda kwa mafundi. Mhudumu anajibu akiwa ndani ya mfumo, na jibu linatokea kule kule mteja alikoandika.

Kwa Uganda, kanuni hizo zinahitaji kuandikwa na mtu anayejua watu wanavyolalamika kweli. Kanuni inayotafuta maneno ya Kiingereza pekee itampita mtu aliyeandika "ssente zange" kwa Kiganda na yule aliyeandika "mmekula pesa yangu". Tiketi zao hazipotei, ila zinaangukia kwenye foleni ya jumla, ambako zinakaa nyuma ya salamu na maswali ya promosheni. Tena wapo wanaoitaja kampuni kwa jina bila kuitagi. Hao mfumo hauwaoni kabisa mpaka uwekwe utafutaji wa jina hilo, pamoja na namna watu wanavyolikosea herufi. Na usiidharau Facebook. Serikali iliifungia Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, lakini wengi waliendelea kuingia kwa VPN. Ukurasa wa kampuni usio na msimamizi hukusanya malalamiko kimya kimya.

Sasa tuchukue lalamiko moja tulifuate. Ni mfano wa kutunga, lakini kila hatua yake ni ya kawaida. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa 3:12 usiku, mteja wa Mbale anaandika kwenye X kwamba ametuma shilingi 150,000 kwa simu, amekatwa, na aliyetumiwa hajapata. Ameitagi kampuni. Dakika hiyo hiyo jibu la mashine linatoka: "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakuhudumia hivi karibuni." Ofisi inafungwa saa 2 usiku na kufunguliwa saa 2 asubuhi, kila siku. Jumapili saa 2:05 asubuhi mhudumu anamjibu: pole, tuandikie inboksi namba ya muamala. Mteja anaandika inboksi saa 2:20, na mfumo, kwa kuwa inboksi ni mlango mwingine, unafungua tiketi ya pili. Mhudumu anaijibu saa 2:24.

Huyu mteja alisubiri muda gani? Ukihesabu jibu la mashine, hata dakika moja haikutimia. Ukihesabu saa za kazi tu, ni dakika 5, kwa sababu saa ilisimama usiku kucha. Ukiangalia tiketi ya pili peke yake, ni dakika 4. Ukimuuliza mteja mwenyewe, ni saa 10 na dakika 53. Namba zote nne ni za kweli kwa kanuni yake, na ndiyo maana ripoti ya mwezi inaweza kupendeza wakati posti za kampuni zimejaa matusi.

Mimi nasimama upande wa mteja katika mambo mawili. Kwanza, jibu la mashine lisisimamishe saa. Mifumo mingi ina mahali pa kuchagua kwamba linalohesabiwa ni jibu la mhudumu tu, na mahali hapo paguswe kabla ripoti ya kwanza haijatoka. Pili, posti na inboksi za mtu mmoja kuhusu jambo moja ziunganishwe ziwe tiketi moja, na saa ibaki ile ya posti. Zisipounganishwa, kila lalamiko zito linazaa tiketi nyepesi yenye jibu la haraka, na wastani unashuka bila mtu yeyote kuhudumiwa mapema zaidi.

Kuhusu saa za kazi nina msimamo laini kidogo. Kumpima mhudumu kwa saa alizokuwa kitandani si haki, kwa hiyo saa za kazi zinafaa kumpima yeye. Lakini kampuni ijipime kwa saa zote 24, maana pesa zinatumwa usiku pia, na usiku ndio wenye hatari yake. Matapeli hufungua akaunti zenye nembo na jina linalokaribiana na la kampuni, wanatafuta watu wanaolalamika, kisha wanajibu upesi: "Pole ndugu, tupe namba yako ya simu tukusaidie." Baada ya hapo wanaomba PIN. Yule mteja wa Mbale alikuwa wazi kwao karibu saa 11. Zamu ya usiku ya mtu mmoja, anayeshika foleni ya malipo tu, inapunguza mwanya huo kuliko mashine yoyote ya salamu.

Kuna pia hesabu yenyewe. Tuseme siku ile kulikuwa na malalamiko matano, na muda wa kujibu kwa saa zote ulikuwa dakika 4, 6, 7, 9 na 653. Wastani wake ni kama saa 2 na dakika 16, muda ambao hakuna hata mteja mmoja aliyeusubiri. Ukizipanga na kuchukua ya katikati unapata dakika 7, ambayo inawaeleza vizuri wale wanne na kumfuta kabisa wa tano. Kwa hiyo ripoti iwe na namba mbili: ya katikati, na ile ya aliyesubiri kupita wote pamoja na namba ya tiketi yake, ili msimamizi aifungue aisome.

Kosa moja la kiufundi hujificha sana. X hutoa saa ya posti kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa ya Kampala kwa saa 3. Posti ya yule mteja itasomeka hivi:

```
2025-03-08T18:12:00Z
```

Hiyo Z ya mwisho ndiyo inayosema ni UTC. Mtu akihamisha data kwenye jedwali, akaiacha saa ya posti kama ilivyo na kuweka saa ya jibu kwa majira ya Kampala, kila jibu linaongezeka saa 3. Akikosea kwa upande mwingine, utaona jibu limetoka kabla ya lalamiko, na hapo angalau kosa linajionyesha. Lile la kwanza halijionyeshi. Dalili yake ni kwamba hata mchana, wahudumu wote wakiwa mezani, hakuna tiketi iliyojibiwa chini ya saa 3. Ukiliona hilo, fungua tiketi chache, tazama posti zake kwenye X kwa simu yako, na ulinganishe saa kabla hujamwita mhudumu yeyote ofisini.