Nani athibitishe, na kwa kiasi gani: ushahidi katika rufaa za hifadhi Uingereza

Mtu aliyenyimwa hifadhi ya ukimbizi Uingereza hukata rufaa kwenye baraza la uhamiaji, mbele ya jaji. Hapo kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mzigo wa uthibitisho unajibu swali la nani anayetakiwa kuthibitisha. Kiwango cha uthibitisho kinajibu swali la pili: athibitishe mpaka jaji aridhike kwa kiasi gani.

Mzigo ni wa mwombaji. Wizara ya Mambo ya Ndani haidaiwi kuonyesha kwamba anasema uongo. Yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba yuko hatarini. Ila Wizara ikidai kwamba amefanya udanganyifu, kwa mfano kwamba hati yake ni ya kughushi, basi dai hilo ni lake na ni lazima ilithibitishe yenyewe.

Kuhusu kiwango, ondoa kwanza akilini lugha ya kesi za jinai, ile ya kutoacha shaka. Haitumiki hapa. Katika madai mengi ya uhamiaji, kama yale ya maisha ya familia, jaji huuliza kama jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, hata kama tofauti ni ndogo. Kwa wakimbizi, tangu miaka ya 1980 mahakama za Uingereza zilishusha kiwango: ilitosha kuwe na uwezekano wa maana kwamba mtu atateswa akirudishwa. Sababu ni ya haki kabisa. Aliyekimbia usiku hana namna ya kuwaita mashahidi wa mtaani kwao, na jaji akikosea, gharama yake inaweza kuwa maisha ya mtu.

Sheria ya mwaka 2022 imeligawa jambo hili. Kwa aliyeomba hifadhi kuanzia 28 Juni 2022, jaji kwanza hutumia kile kiwango cha juu kidogo, cha uwezekano zaidi, kuamua kama mwombaji kweli ana sifa inayoweza kumletea mateso, kama msimamo wa kisiasa, au anadhaniwa na wanaomtafuta kuwa nayo, na kama kweli ana hofu kwa sababu hiyo. Hatari ya huko mbele ndiyo inayopimwa kwa kile kiwango cha chini. Kwa maoni yangu hatua ile ya kwanza imewaongezea waombaji ugumu mahali ambapo ushahidi wao ndio haba zaidi.

Sasa tuone hati na maneno vinavyopimwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa Bukavu anasema alikamatwa na polisi kwa kuandaa mikutano ya wazazi na walimu dhidi ya viongozi wa mkoa, akalala mahabusu, ndugu zake wakalipa fedha akatolewa. Baada ya kutoroka, shemeji yake anamtumia kwa WhatsApp picha ya hati ya wito yenye jina lake na muhuri wa polisi. Wizara inajibu kwamba hati kama hizo hununuliwa kwa urahisi Kongo. Tena inasema maelezo yake yanagongana: katika mahojiano ya mwanzo imeandikwa kwa Kiingereza alikamatwa 2 a.m., yaani usiku wa manane, katika yale marefu akasema polisi walikuja watoto wakiwa bado mezani wanakula.

Wengi hudhani kuna majibu mawili tu kuhusu ile hati: ni halali au ni ya kughushi. Uamuzi wa mwaka 2002 ambao mawakili wote wa fani hii wanaujua, Tanveer Ahmed, unaonyesha jibu la tatu. Jaji si lazima aseme hati ni ya kughushi. Swali lake ni kama hati inaweza kutegemewa, na ni mwombaji anayepaswa kuonyesha hivyo. Ndiyo maana Wizara mara nyingi haisemi neno kughushi kabisa. Inasema tu hati haina uzito, na hivyo mzigo unabaki kwa mwombaji.

Kwa hiyo kazi ya yule mwalimu ni kuieleza safari ya hati. Shemeji aliipata wapi, na polisi waliiacha kwa nani? Kama ni hati ya ndani ya ofisi ya polisi, isiyotolewa kwa raia, ilitokaje? Mazungumzo ya WhatsApp yenye tarehe yapo? Karatasi yenyewe inaweza kutumwa? Shemeji anaweza kuandika maelezo na kuyatia sahihi? Hati iliyotafsiriwa vizuri lakini isiyo na historia hupata uzito mdogo, hata kama ni ya kweli tupu.

Kanuni ya pili inahusu utaratibu wa kufikiri wa jaji. Mwaka 2005, katika kesi ya Mibanga, Mahakama ya Rufaa ilikataza jaji kuamua kwanza kwamba mtu hasemi kweli, kisha ndipo aisome ripoti ya mtaalamu na kuitupa kwa sababu tayari ameshaamua. Na Tanveer Ahmed inadai vivyo hivyo kwa hati: kila kitu kitazamwe kwa pamoja. Ukikuta katika hukumu maneno kama "kwa kuwa nimekwisha kuona mwombaji si mkweli, hati hii haina uzito", hapo wakili ana jambo la kushika.

Turudi kwa mwalimu wetu na lile suala la saa. Mahojiano ya kwanza ni mafupi, kwa kawaida bila wakili, na mkalimani mara nyingi yuko kwenye simu. Kama mwalimu alisema "saa mbili usiku" na ikaandikwa 2 a.m. badala ya 8 p.m., basi hakuna mgongano: saa mbili usiku ndipo watoto wanapokula. Lakini jaji hatalibuni hilo mwenyewe. Ni lazima lisemwe kwenye maelezo ya maandishi ya mwombaji kabla ya siku ya kesi. Likitajwa mara ya kwanza pale anapohojiwa na mwakilishi wa Wizara, linasikika kama kisingizio hata kama ni kweli.

Na asiye na hati? Kanuni za uhamiaji zinakubali neno lake bila karatasi, iwapo amejitahidi kwa dhati kulithibitisha dai lake, ameeleza sababu ya upungufu, maelezo yake yanashikamana na kuendana na hali inayojulikana ya nchi yake, aliomba mapema au ana sababu nzuri ya kuchelewa, na kwa jumla anaaminika. Ila katika kesi iitwayo TK (Burundi), ya mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa iliruhusu majaji kumshuku mtu asiyeleta ushahidi uliokuwa rahisi kuupata, bila maelezo ya kutosha. Kukosa barua kutoka kwa polisi wa Bukavu kunaeleweka. Kukosa maelezo ya mwenzake wa chama anayeishi Birmingham ni vigumu kueleweka.

Mambo haya yote ni ya kutengenezwa kabla ya kusikilizwa, kwa sababu uzito wa ushahidi ni shauri la jaji wa kwanza. Baraza la juu husikiliza rufaa za makosa ya sheria tu. Jaji aliyeisoma hati, akaitazama pamoja na maneno, akatoa sababu na kuipa uzito mdogo hajakosea sheria, hata kama jaji mwingine angeipa uzito mkubwa.