Kuminya, kufinya na kushikilia: kwa nini ndoo unaiweza halafu ubao unakuponyoka

Mimi ni mfiziotherapia, na kitu nakiona sana ni mtu anakuja anasema "mkono wangu hauna nguvu", ukimpa kile kifaa cha springi cha kuminya anakifunga vizuri tu bila shida. Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye kwamba mkono unabeba kwa njia tatu tofauti, na misuli inayochoka kwenye kila njia siyo ileile.

Kuminya ni pale unapofunga kiganja chote kwa nguvu, mfano umekamata shingo ya gunia. Hapo kazi kubwa ni ya misuli ya kukunja vidole, ambayo imelala upande wa ndani wa kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja, na kano zake ndo zinapita kwenye kifundo kwenda vidoleni. Iko tabaka mbili. Ya juu inaishia kwenye pingili ya kati ya kidole, ya ndani kabisa inafika mpaka pingili ya mwisho kwenye ncha. Ukitaka kuihisi hiyo ya ndani, shikilia pingili ya kati ya kidole kwa mkono mwingine isisogee, halafu kunja ncha peke yake.

Kushikilia ni ndoo. Misuli ni hiyohiyo ya kukunja vidole ila sasa haifungi kitu, inazuia tu vidole visifunguke, imekaza haisogei, na msuli uliokaza muda mrefu hivyo unabana mishipa yake ya damu ndo maana kigasha kinaanza kuwaka moto hata kama uzito haujaongezeka. Angalia mpini wa ndoo ukiwa unachoka: unateleza kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye ncha za vidole, na ukishafika pingili ya mwisho ile tabaka ya juu haisaidii tena pale, imebaki ya ndani peke yake, kwa hiyo kuanzia hapo mkono unafunguka haraka sana. Usisubiri hapo, badilisha mkono mpini ukiwa bado umekaa ndani.

Kufinya ndo kunawaadhiri watu. Chukua ubao laini wa kilo 10 hauna mpini, umeubana kwa juu, dole gumba upande huu na vidole vinne upande ule. Hakuna kitu kimepita chini yake kuushika, kinachouzuia usianguke ni msuguano tu. Kilo 10 ni kama nyutoni 100, pande mbili zinagawana kwa hiyo kila upande ubebe 50, na kama msuguano kati ya ngozi na ubao ni 0.5 inabidi kila upande ubonyeze kwa nyutoni 100. Yaani dole gumba peke yake linasukuma kama uzito wa ubao mzima! Jasho likishusha msuguano mpaka 0.25, unatakiwa kubonyeza mara mbili, 200, na mzigo haujabadilika hata gramu moja.

Na dole gumba halitegemei hiyo misuli mikubwa ya vidole. Lina msuli mrefu wake unaotoka kwenye kigasha kukunja ncha yake, ila nguvu ya kulivuta lije kwenye kiganja inatoka kwenye msuli mfupi uliojificha ndani ya kiganja chenyewe, ukisaidiwa na ule unaovimba kati ya dole gumba na shahada ukibana. Upande wa pili, vidole vikiwa vimenyooka, misuli midogo ya kiganja ndo inavikunja pale kwenye shina lake. Kwa hiyo yule wa springi anaweza kuwa na kigasha kinene na bado ubao ukamponyoka, mimi simshangai.

Kuna kipimo napenda: bana karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa shahada, mtu mwingine aivute. Kama ncha ya dole gumba inajikunja sana upande mmoja kuliko mwingine, ule mrefu wa kigasha unafanya kazi ya ule mfupi uliodhoofu. Ikiwa na kidole kidogo kina ganzi, acha mazoezi nenda hospitali, neva inayopita nyuma ya kiwiko inaweza kuwa imebanwa.

Kitu kimoja kinaingia kwenye zote tatu: misuli ya nyuma ya kigasha, inayoinua kifundo. Kunja kifundo kwa ndani kabisa halafu jaribu kufunga ngumi, utaona nguvu imeisha, maana misuli ya kukunja vidole imeshafupika mno. Kifundo kikiinuka kidogo kwa nyuma ndo inashika vizuri. Ndo maana mtu anabeba mizigo kutwa halafu anaumwa kiwiko upande wa nje, kumbe ni hiyo ya nyuma imekaza muda wote.

Kwa mazoezi, kama kinachokuponyoka ni ubao basi fanya ubao: bana vitu bapa viwili pamoja, vyepesi, shikilia sekunde 10 hadi 15, pumzika mpaka dole gumba litulie ndo urudie, na uongeze uzito pale tu ambapo ncha ya dole gumba haijikunji.