Je, wajua kwa nini kazi ya kujitolea husomeka kama tiki tu kwenye fomu?

"Nimejitolea mwaka mzima kwa moyo wote. Mbona nikiandika kwenye maombi ya chuo inaonekana kama nimejaza nafasi tu?"

Kwa sababu sentensi nyingi za aina hiyo zingeweza kuandikwa na mtu aliyefika siku moja akapiga picha na kuondoka. Chukua hii: "Nilisaidia watoto kusoma maktabani, jambo lililonifundisha uongozi, uvumilivu na kuitumikia jamii." Kazi yenyewe imepata maneno manne, yaliyobaki ni sifa za mwandishi. Watoto hawaonekani kabisa.

Anayesoma maombi hutafuta kitu ambacho hukijui mpaka uwe umerudi mara nyingi. Kwa kawaida ni tatizo dogo. Tuseme msaidizi huyu, baada ya wiki kadhaa, aliona watoto wawili "wanasoma" vizuri sana kitabu walichokizoea, lakini akifunika picha wanakwama. Kumbe walikuwa wamekariri. Akakata kadi za silabi, akaanza nao upya, na akafungua daftari la kuandika kila mtoto amekwamia wapi, ili atakayekuja wiki inayofuata asianze gizani. Huo ndio ushahidi: alitazama, akabadilisha namna yake ya kufanya kazi, akaacha kitu ambacho wengine wanakitumia.

Nafasi ni finyu, lakini inatosha. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, inaruhusu herufi 150 kueleza kila shughuli, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Sentensi hii inaenea humo:

"Nasoma na watoto 6, nilipoona 2 wanakariri badala ya kusoma, nilitengeneza kadi za silabi na daftari ambalo wenzangu wanaliendeleza."

Hakuna neno "uvumilivu" hapo, wala halihitajiki. Muda nao haukutajwa, kwa kuwa fomu hiyo ina visanduku vyake vya saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Visanduku hivyo vijaze kwa uangalifu. Saa 10 kwa wiki katika wiki 52 ni saa 520. Kama maelezo yanasema ulikwenda wakati wa likizo tu, msomaji ataona mgongano huo papo hapo, na ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Ukipewa insha nzima, usiirefushe sentensi hiyo kwa kueleza jinsi watoto walivyokuwa na shida kabla hujaja. Hapo ndipo wengi huharibu, na kwa maoni yangu ni kuwakosea heshima watoto wenyewe. Eleza kadi zilipokataa kufanya kazi kwa mmoja wao, ulimuuliza nani ushauri, na mlijaribu nini baadaye.

Je, kama kweli ulikwenda siku moja tu? Andika kuwa ilikuwa siku moja, au iache, nafasi hiyo uipe shughuli uliyodumu nayo.